Chati ya IPA na matawi ya sentensi: kutafuta kosa kabla ya mtihani wa isimu

Kundi letu la kujisomea hukutana Ng'hong'hona, Dodoma, jirani na chuo, na kila muhula unapokaribia kwisha hufanya kazi ileile: kuchukua vitini vya mihadhara, kutengeneza kwa mkono chati za IPA, yaani alama za kifonetiki za kimataifa, na kuchora matawi ya sentensi mpaka mkono uzoee. Katika kusahihishana nimeona kwamba makosa mengi hayatokani na uvivu wala uelewa mdogo. Yanatoka kwenye karatasi yenyewe: kitini kilichotolewa kopi ya kopi, faili lililofunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yake, au vitini viwili vya wahadhiri wawili wanaotumia vifupisho tofauti, vikachanganywa katika jibu moja. Anayekariri kitini chenye kasoro huikariri na kasoro yake. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye daftari lako, kisha chanzo chake, kisha jaribio la kukithibitisha.

Dalili ya kwanza: herufi kubwa zimejitokeza ndani ya mabano ya matamshi

Unafungua kitini kwenye simu au kompyuta ya steshenari na kukuta neno "thelathini" limeandikwa [TelaTini], "shule" limeandikwa [Sule], na "dhahabu" limeandikwa [Dahabu]. Mwanafunzi makini hujiuliza kama herufi kubwa ina maana maalumu, na wapo wanaozinakili hivyo hivyo kwenye chati.

Chanzo chake ni fonti. Kabla ya mfumo wa Yunikodi kuenea, alama za IPA ziliwekwa na fonti maalumu zilizokalia nafasi za herufi za kawaida, kiasi kwamba mwandishi alibonyeza S kubwa na skrini ikamwonyesha ʃ. Faili likihamia kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, alama hurudi kuwa herufi iliyobonyezwa. Kusakinisha fonti mpya kama Doulos SIL au Charis SIL, ambazo hupatikana bure, kutakusaidia kuandika chati yako mwenyewe, lakini hakutalitibu faili la zamani, kwa sababu ndani ya faili hilo kilichohifadhiwa ni S na si ʃ. Itakubidi ubadilishe kwa mkono. Mara nyingi S ni ʃ, T ni θ, D ni ð, N ni ŋ na Z ni ʒ, ila usiamini ulinganifu huu kabla ya kuujaribu kwa maneno matatu au manne unayoyajua vizuri. Kama mahali pa alama pana kiboksi kitupu, hapo tatizo ni jepesi zaidi: alama imo ndani ya faili, ni fonti ya kuionyesha tu iliyokosekana.

Tahadhari moja ya mkono: ʃ iandikwe ikiwa imesimama, ndefu, bila mstari katikati. Ukiikata katikati itasomwa kama f, na msahihishaji hana namna ya kujua ulichokusudia.

Dalili ya pili: "ng'ombe" na "ngoma" zimeanza kwa alama moja

Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi kuliko mengine yote, na linastahili nafasi. Mwanafunzi ameandika [ŋɔmbɛ] kwa "ng'ombe", ambayo ni sahihi, halafu akaandika [ŋɔma] kwa "ngoma", ambayo si sahihi. Mwingine amefanya kinyume chake, na mwingine amebuni kitu cha tatu: [ŋ'ɔmbɛ].

Chanzo cha kosa la kwanza ni ritifaa kupotea. Kwenye kopi ya tatu au ya nne kialama kile kidogo hufifia, na kitini kinachosema "ng' huwakilishwa na ŋ" kinabaki kikisema "ng huwakilishwa na ŋ". Tahajia ya Kiswahili inatofautisha mambo mawili: ng' ni nazali moja ya kaakaa laini, [ŋ], lakini ng bila ritifaa ni nazali hiyohiyo ikifuatwa na kipasuo ghuna, [ŋɡ]. Kwa hiyo "ngoma" ni [ŋɡɔma].

Jaribio lake ni la mdomoni. Vuta nazali kwa sekunde mbili hivi, kisha ingia kwenye irabu polepole. Katika "ng'ombe" utasikia mvumo wa puani ukimiminika moja kwa moja kwenye irabu, na nyuma ya ulimi ikiachana na kaakaa laini bila kishindo. Katika "ngoma" kuna mahali mvumo unakatika kidogo, halafu hewa inafyatuka: hiyo ndiyo g. Rudia kwa "ng'aa" na "ngazi", kisha kwa jina la Chang'ombe, mtaa ambao kila mkazi wa Dodoma hulitamka vizuri hata kama hajawahi kusikia neno nazali. Anayelitamka Chang'ombe akaandika [tʃaŋɡɔmbɛ] amekiandika kitini, hakuandika alichokisema.

Kosa la [ŋ'ɔmbɛ] lina chanzo kingine. Mwanafunzi ameihamisha ritifaa kutoka kwenye tahajia hadi kwenye unukuzi, na katika IPA kialama hicho baada ya konsonanti kina kazi yake: kinaonyesha sauti inayotolewa kwa hewa ya kwenye koo iliyobanwa na kusukumwa, bila hewa ya mapafu. Sauti za namna hiyo zimo katika Kisandawe, kinachozungumzwa kaskazini mwa mkoa huu wa Dodoma, lakini hazimo katika Kiswahili Sanifu. Ndani ya mabano ya mraba, ritifaa ya tahajia haina nafasi.

Jina la Ng'hong'hona lenyewe, ambalo utalikuta limeandikwa kwa namna zaidi ya moja, ni zoezi zuri la ziada. Ile h baada ya ng' inatoka katika Kigogo, lugha yenye nazali zinazotoka pamoja na pumzi. Tahajia ya Kiswahili haina desturi ya kuionyesha, ndiyo maana wengine huiacha. Mtihani ukikutaka unukuu kwa Kiswahili utaandika [ŋ] peke yake, lakini ukitakiwa kunukuu alivyotamka mzee wa pale kijijini, pumzi ile lazima ionekane.

Dalili ya tatu: alama j ipo mara mbili kwenye chati, au haipo mahali pake

Herufi j ya "jembe" na alama /j/ ya IPA ni vitu viwili. Alama /j/ ni kiyeyusho cha kaakaa gumu, ile y ya "yai". Sauti ya kwanza ya "jembe" huandikwa kwa alama nyingine, na hapa ndipo vitini vinapotofautiana: kimoja kitaandika /dʒ/ na kuiweka pamoja na vizuio-kwamizi, kingine kitaandika /ɟ/ na kuiweka pamoja na vipasuo vya kaakaa gumu, na kingine kitaandika /ʄ/ yenye ndoano juu, kwa sababu wapo watafiti walioisikia kama sauti inayovuta hewa ndani. Zote zina hoja nyuma yake. Kosa ni kuchukua alama ya kitini kimoja na kuiweka kwenye safu ya kitini kingine, ukawa na /ɟ/ ndani ya safu ya vizuio-kwamizi. Chagua kitini cha mhadhiri anayetunga mtihani, fuata alama na safu yake kwa pamoja, na mstari mmoja chini ya chati ueleze umefuata utaratibu gani.

Ukishamaliza chati, pitisha jaribio la jozi. Katika kila kisanduku chenye alama mbili, ya kushoto ni sighuna na ya kulia ni ghuna. Ziba masikio kwa viganja, tamka s kisha z bila kuweka irabu: mlio mmoja utausikia ukinguruma kichwani, mwingine hausikiki ila kama upepo. Fanya hivyo kwa f na v, kisha θ na ð. Kama jozi moja imegeuka, mara nyingi na zinazofuata kwenye mstari huo zimesogea, kwa kuwa ulinakili kisanduku kimoja mbele.

Jaribio la mdomo lina mpaka wake, na ni haki kuusema. Wengi wetu wa bara tunasema "gorofa" na "gali" ambapo Kiswahili Sanifu kina "ghorofa" na "ghali". Ukijisikiliza mwenyewe utaandika [ɡali], nawe utakuwa umenukuu kwa uaminifu matamshi yako, lakini swali linalotaka Kiswahili Sanifu linahitaji [ɣali]. Kwa sauti za gh, dh na th, amini tahajia kabla ya mdomo wako.

Jambo dogo kuhusu visanduku vitupu: katika chati kamili ya IPA, sehemu zilizotiwa kivuli ni matamshi yanayohesabiwa kuwa hayawezekani, na sehemu tupu zisizo na kivuli hazina maana hiyo. Kopi hufuta kivuli. Katika chati ya Kiswahili peke yake, kisanduku kitupu kinamaanisha tu kwamba lugha haina sauti hiyo. Na vidoko, kama ǀ, ǁ na ǃ vya Kisandawe, havimo katika jedwali kuu kabisa. Vina kisanduku chao pembeni, kwa sababu havitolewi kwa hewa ya mapafu.

Dalili ya nne: idadi ya silabi haikubali

Hapa tupite haraka. Kijistari kilicho chini ya m katika [m̩tu] huonyesha kwamba nazali imebeba silabi, nacho hufutika kwenye kopi kirahisi kuliko ritifaa. Piga makofi: m-tu ni makofi mawili, m-to-to matatu, lakini "mbuzi" ni mbu-zi, mawili tu, maana m yake imeambatana na b. Kwa "mbu", yule mdudu, makofi ni mawili, m-bu, na kijistari kinarudi: [m̩bu].

Dalili ya tano: mti umekamilika, lakini vifupisho vinagongana

Tuingie kwenye matawi. Nitaeleza mti mmoja ambao mwenzetu wa mwaka wa pili aliuleta akiwa amechoka nao. Sentensi ilikuwa hii: *Mkulima wa Hombolo alikuwa anauza zabibu nyekundu sokoni.* Juu aliandika S, akaigawa kuwa K na A. Chini ya A aliweka KT, ndani ya KT akaandika t kwa "alikuwa" na V kwa "anauza"; kisha akaweka "zabibu nyekundu sokoni" yote ndani ya KN moja, ambamo V ilitokea tena juu ya "nyekundu". Alikuwa na hakika kwamba kila alichoandika kimo kwenye vitini vyake, na kweli kilikuwemo.

Shida ni kwamba vitini vilikuwa vitatu. K na A, yaani kiima na kiarifu, ni vya mkabala wa kimapokeo, unaotaja kazi ya kila kipande katika sentensi. KN na KT, kirai nomino na kirai kitenzi, ni vya mkabala unaotaja aina ya kipande. Kila mmoja una mti wake, na swali la mtihani kwa kawaida hutaja ni upi unaotakiwa. Kama halikutaja, anza na mmoja na umalize nao. Kuweka KT chini ya A ni kuanza safari kwa basi moja na kushuka kutoka lingine.

V mbili zilitoka kwenye lugha mbili. Katika vitini vilivyoandikwa kwa Kiingereza, V ni kitenzi. Katika sarufi ya Kiswahili V ni kivumishi, na kitenzi ni T. Ukiona V imeangukia neno lenye kiambishi cha njeo, kama -li- au -na-, jua kitini cha Kiingereza kimeingia kwenye mti wako. Ama t ndogo, hiyo ni ya kitenzi kishirikishi, kama "ni" katika "Huyu ni mkulima". "Alikuwa" katika sentensi yetu inasaidia kitenzi kikuu "anauza", kwa hiyo ni kitenzi kisaidizi, Ts. Jaribu kukiondoa kitenzi kikuu: ukibaki na "alikuwa zabibu", maana imevunjika, nayo ni ishara kwamba "alikuwa" imekuja kusaidia. Kwenye kopi hafifu T na t zinafanana sana, hasa kama aliyeandika alitumia mkono. Usiamue kwa ukubwa wa herufi, amua kwa kazi ya neno.

Kosa la mwisho, la "sokoni" kuingia ndani ya KN, ndilo la kisintaksia hasa, nami huliona kuwa la thamani kuliko yote kulielewa, kwa sababu hakuna kitini kitakachokuonya. Swali ni moja: "sokoni" inaeleza zabibu, au inaeleza kuuza? Kiswahili kina kifaa cha kulijibu, nacho ni kiambishi cha shamirisho. Ondoa kirai nomino chote na uweke kiambishi chake ndani ya kitenzi: *Mkulima wa Hombolo alikuwa anaziuza sokoni.* Kiambishi -zi- kimebeba "zabibu nyekundu", na "sokoni" imebaki nje, hai na yenye maana. Basi ilikuwa nje tangu mwanzo, moja kwa moja chini ya KT. Jaribu pia kuihamisha: *Sokoni, mkulima wa Hombolo alikuwa anauza zabibu nyekundu.* Imehama bila kudhuru kitu.

Sasa linganisha na *Mkulima alikuwa anauza zabibu za sokoni.* Ukiweka -zi- unapata "Mkulima alikuwa anaziuza", basi. "Za sokoni" imemezwa pamoja na zabibu. Ukilazimisha "anaziuza za sokoni", maneno yale mawili yanasimama upya kama zabibu zinazochaguliwa kati ya nyingine, si tena kipande kilichobaki cha sentensi ya kwanza. Ukijaribu kutanguliza "Za sokoni, mkulima alikuwa anauza zabibu", sikio linakataa. Kwa hiyo hapa "za sokoni" ni tawi la ndani ya KN. Silabi moja tu, "za", imehamisha tawi zima ghorofa moja chini.

Mti uliosahihishwa wa sentensi ya kwanza, ukiandikwa kwa mabano, ni huu:

```
[S [KN [N Mkulima] [KH [H wa] [KN [N Hombolo]]]]
   [KT [Ts alikuwa] [T anauza]
       [KN [N zabibu] [V nyekundu]]
       [KE [E sokoni]]]]
```

Nimeandika "sokoni" kama kirai elezi, KE, na "wa Hombolo" kama kirai husishi, KH. Vipo vitini vinavyokiita hicho cha pili kirai kivumishi kwa kuwa kinafanya kazi ya kuvumisha "mkulima", na mti hautabadilika umbo kwa hilo; jina la kifundo tu ndilo litabadilika. Fuata la mhadhiri wako.

Dalili ya sita: mti unaonekana mzuri, lakini huna hakika

Kuna ukaguzi wa hatua tatu, wa dakika moja. Kwanza soma majani kutoka kushoto kwenda kulia: lazima upate sentensi ileile, neno kwa neno. Sentensi yetu ina maneno manane, na mti una majani manane: N, H, N, Ts, T, N, V, E. Pili, hakikisha hakuna mistari inayopitana. Ikipitana, umeliweka neno chini ya kifundo kisicho chake. Tatu, hesabu mabano ikiwa umeyatumia. Hapo juu yanafunguka 15 na kufunga 15. Programu za kuchorea matawi hupokea mabano ya namna hii, na zikigoma kuchora, chanzo cha kwanza cha kukishuku ni bano moja lililosahaulika mwishoni.

Sentensi isiyo na kiima cha wazi, kama "Waliuza zabibu", huwatia wengi wasiwasi kwa kuwa upande wa kushoto hauna neno. Vitini vingi huweka KN na kuandika Ø chini yake, kwa sababu kiambishi wa- kinamrejelea mtu ambaye hakutajwa. Ukiweka Ø, usiihesabu kama neno unapofanya ukaguzi wa majani, na usiigeuze kuwa "wao", maana swali halikukupa neno hilo.

Kwa mazoezi, sisi huchukua karatasi ya A4 na kuikunja katikati. Kushoto mtu anachora mti bila kitini, kulia mwenzake anaandika sentensi ileile ikiwa na -zi-, -ki- au -m- mahali pa shamirisho, bila kuutazama mti. Kisha karatasi inafunuliwa. Pale ambapo kiambishi kimemeza kipande fulani na mti umekiacha nje, au kinyume chake, tunaweka alama ya kalamu nyekundu na kuanza sentensi hiyo upya kwenye karatasi nyingine.